Valvu ya usalama ya hita inatona haikati: maji yanatanuka au hita imepitiliza moto?

Malalamiko hapa Zanzibar huwa ni yale yale, awe mtu wa Fuoni, wa Mbweni au wa Chake. Ile valvu ndogo ya shaba iliyo chini ya hita, inayokaa kwenye paipu ya maji baridi na ina kimkono chekundu au cheusi, inatona. Sakafu ya choo haikauki, ukuta unaanza kuota ukungu, fundi anaitwa anabadilisha valvu anachukua pesa yake anaondoka, siku ya pili inatona vile vile. Hapo ndo utasikia "vitu vya siku hizi feki tu". Feki zipo, sikatai, lakini mara nyingi valvu haina kosa lolote, inafanya kazi iliyowekewa na hakuna aliyemwelezea mwenye nyumba kazi hiyo ni ipi.

Nazungumzia zile hita za umeme za kutundika ukutani, za lita 30, 50, 80 mpaka 100, ndo zilizojaa majumbani kwetu. Valvu yake kwa kawaida ni ya nusu inchi na ndani ina vitu viwili kwa pamoja. Kimoja ni nonritani, yani kifuniko chenye springi kinachoruhusu maji kuingia hitani na kuyazuia yasirudi. Cha pili ni springi nzito inayofunguka presha ya ndani ikifika kiwango fulani, na kiwango chenyewe kimeandikwa kwenye mwili wa valvu, mara nyingi utakuta 0.8 MPa, yani bar 8, nyengine 0.7. Hivyo viwili viweke kichwani mana kila kitu hapa chini kinatokana navyo.

Kabla hujagusa spana: jua inatona saa ngapi

Jambo la kwanza silo la ufundi, ni la kuangalia tu. Tafuta chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, ingiza ule mdomo wa kutonea ndani ya chupa, ufunge na kamba ukipenda. Usiku watu wakishalala na hakuna anayetumia maji, zima hita, asubuhi tazama. Halafu washa hita maji yakiwa ya baridi, tazama tena ile taa ndogo ya hita ikizima wenyewe. Usifungue mfereji wowote wa maji moto wakati huo, ukifungua tu umeharibu kipimo.

Majibu yanakuwa matatu. Imetona wakati taa inawaka tu kisha ikakata, hayo ni maji kutanuka. Imetona usiku kucha hita ikiwa imezimwa na imepoa, hapo ni uchafu ndani ya valvu au presha ya maji yanayoingia ni kubwa. Na kama taa haizimi kabisa, masaa yanakwenda na mferejini maji yanatoka kama ya birika, hiyo ni hita kupitiliza moto, na kwa hiyo usisome kwa mpangilio, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho ya karatasi hii baada ya kushusha breka.

Kuna kosa moja karibu kila mtu analifanya. Anashika yale matone kwa kidole, akiyakuta ya baridi anasema basi hita iko salama, haijapitiliza. Sivyo. Hii valvu iko chini, upande wa maji baridi, na maji yakitanuka juu yanayosukumwa nje ni yale ya chini kabisa ya tangi ambayo bado hayajapata moto. Kwa hiyo hita inaweza kuwa inachemka juu na matone ya chini yakawa ya vuguvugu tu. Joto lipime mferejini kwenye maji moto, sio kwenye matone. Hilo la kupima kwa matone linakwenda kwenye zile valvu nyengine kubwa za juu ya tangi zinazosikia presha na joto pamoja, zinazofunguka kwenye bar 10 au nyuzi 99, utaziona kwenye baadhi ya mahoteli, majumbani ni chache.

Dalili: inatona taa ikiwaka, taa ikizima inakata

Sababu ya kwanza kabisa, na ndo ilio nyingi, ni mtanuko wa kawaida. Maji yakipata joto yanaongezeka ukubwa na tangi la chuma haliongezeki kiasi hicho. Chukua hita ya lita 80, maji yetu ya tangini hapa yanaingia kwenye nyuzi 28 hivi, ukiyapeleka mpaka 65 yanaongezeka lita moja na robo. Hiyo lita na robo lazima iende mahali. Kurudi kwenye paipu haiwezi mana nonritani imefunga, mifereji yote imefungwa, basi presha inapanda mpaka inafika bar 8 na valvu inafunguka kidogo kidogo kuitoa.

Na sio matone mawili matatu. Hita ya wati 1500 inachukua masaa mawili na ushei kuyachemsha maji hayo, ukigawa ile lita na robo unapata karibu matone matatu kila sekunde. Mtu akiona inatiririka hivo anaona hii imekufa, kumbe ndo hesabu yake. Ya lita 50 itatoa kama robo tatu ya lita.

Ukipata kiasi kama hicho na taa ikazima wenyewe na valvu ikakauka, hita yako nzima. Uamuzi unaobaki ni unataka kuishi na hayo maji au hutaki.

Kuishi nayo ni rahisi na bei ya chini, unavisha mpira mdomoni pa valvu unaupeleka kwenye tundu la maji la sakafuni. Sharti ni mbili tu, mpira uteremke mwanzo mpaka mwisho usipande popote, na mwisho wake ubaki wazi, usizamishwe ndani ya ndoo wala usifungwe. Ukipanda maji yanalala ndani, chokaa inaganda, siku valvu ikitaka kufunguka haina njia.

La pili ni kushusha thamostati, yani kile kifaa kinachokata umeme maji yakifika joto ulilochagua. Wengi wanaiacha mwisho kabisa kwenye 75 au 80 na hapa kwetu sijui wanataka kuchinja kuku. Ukiiweka 60 maji yanayotoka yanapungua na yuniti zinapungua pia. Chini ya hapo sikushauri, mana maji yakikaa ya vuguvugu siku nyingi tangini wanazaliana bakteria wa kuumiza mapafu.

La tatu ni kufunga kitangi cha kupokea mtanuko, hilo nalieleza kwenye kisa kinachofuata kwa sababu hapo ndo mafundi wengi wanapokosea pa kukiweka.

Dalili: ya zamani haikutona miaka, hii mpya inatona

Hii ndo inayoleta ugomvi mkubwa baina ya fundi na mwenye nyumba. Kuna nyumba moja Kiembesamaki, ya kupangisha, hita ya lita 80 ina miaka haijawahi kutoa tone. Kimkono cha valvu kilivunjika, fundi akaweka mpya, ikatona. Akaweka nyengine ya duka jengine, ikatona. Akashauri sasa wazibe na plagi, ndo mama mwenye nyumba akaniita.

"Fundi, hizi valvu zote mbili feki, wallahi tazama inavolia."

"Mama, hebu niambie kwanza, zamani ukifungua mfereji wa maji baridi asubuhi hapa bafuni, yalikuwa yanatoka ya baridi?"

"Aa, yakianza yana moto moto kidogo, halafu yanapoa. Nilidhani jua la tangini."

Asubuhi alfajiri jua gani. Ile valvu ya zamani ilikuwa bado iko kwenye kopo la misumari, nikaichukua, nikaisuuza nikaipuliza kwa mdomo upande unaoingia hitani, pumzi ikapita moja kwa moja upande wa pili. Nonritani yake ilikuwa imekufa. Mpira wa ndani umelika na mchanga umekaa kwenye kiti, yani pale kimpira kinapolalia ili kufunga. Sasa nyumba ile inatumia tangi la juu ya dari, kwa hiyo kila hita ikiwaka maji yaliyotanuka yalikuwa yanarudi taratibu kwenye paipu mpaka kwenye tangi la juu, presha haipandi, valvu haina sababu ya kufunguka. Kutotona kwa ile ya zamani kulikuwa ni ubovu. Mpya ilivofungwa nonritani ikafanya kazi, na maji yakatafuta mlango wa halali.

Tukapima kwa chupa tuhakikishe. Kifungo cha thamostati kilikuwa mwisho, 75. Taa ilizima karibu masaa matatu, chupa ya lita moja na nusu ilijaa ikamwagika kidogo. Mferejini kipimajoto kilisoma 73. Basi thamostati inakata pale pale ilipoambiwa, hakuna kupitiliza. Tukashusha mpaka 60, kesho yake chupa ilipata lita moja tu.

Yeye hakutaka tone hata moja mana chini ya hita kuna kabati la mbao, kwa hiyo tukaweka kitangi. Ni kitangi kidogo cha chuma, ndani kina mpira unaotenga maji na hewa, maji yakitanuka yanaingia yanaibana hewa, yakipoa hewa inayarudisha. Kwa hita ya lita 80 cha lita 5 kinatosha na cha lita 8 kinakaa vizuri zaidi. Chagua kinachofaa kwa maji ya kunywa, vipo vya mashine za kupashia majumba ya nchi za baridi ambavyo ndani vina mpira usiofaa maji ya kutumia.

Mahali pake ni baina ya valvu na hita. Yani maji yanatoka paipuni, yanapita valvu, halafu kuna ti, yani kiungo cha midomo mitatu, ya kitangi, halafu hita. Ukikiweka kabla ya valvu umefanya pambo, kwa sababu nonritani imesimama katikati na maji ya hitani hayawezi kukifikia. Ndo pia jibu la wale wanaouliza mbona pampu yangu ina tangi lake la presha na hita bado inatona, lile tangi la pampu liko upande wa pili wa mlango. Na baina ya kitangi, valvu na hita usiweke koki yoyote, hata moja, hata kwa nia njema ya kurahisisha matengenezo.

Kabla ya kukifunga unakipima upepo kwa geji ya tairi pale penye kijiti kama cha baskeli, kikiwa kitupu hakina maji. Upepo unatakiwa ulingane na presha ya maji ya nyumba. Kwa nyumba yenye pampu ndogo ya kusukumia inayokata kwenye bar 2.8, weka 3. Ukiacha upepo mdogo kitangi kinajaa maji mwanzo tu kabla hita haijawaka, na wakati wa kazi hakina nafasi tena. Watu wengi wananunua, wanafunga kama kilivotoka dukani, baadae wanasema hakifai.

Dalili: inatona hata hita imezimwa na imepoa

Hapa mtanuko haumo, hita ya baridi haitanuki. Ya kwanza kushuku ni uchafu kwenye kiti cha valvu. Maji yetu yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, tazama birika lako la umeme ndani uone ule weupe, basi kitu hicho hicho kinaganda kwenye valvu. Juu ya hapo mji ukikatiwa maji siku mbili tatu yakirudi yanakuja na mchanga na kutu. Punje moja tu ikikaa chini ya kile kimpira, valvu haifungi.

Cha kufanya: zima breka, acha hita ipoe au tumia maji moto mpaka yaishe, weka ndoo chini, nyanyua kimkono sekunde tano sita maji yatoke kwa nguvu, achia kwa ghafla. Rudia mara mbili tatu. Mara nyingi punje inaondoka na tone linakoma. Angalizo ni kwamba valvu ambayo haijaguswa miaka ukiinyanyua leo inaweza ikakataa kurudi kabisa ikamimina, kwa hiyo hakikisha kwanza koki ya maji yanayoingia inafunga, na usifanye mchezo huo Ijumaa saa sita maduka yakielekea kufungwa.

Kama bado inatona badilisha. Kuichokonoa ndani haifai, ni kitu cha bei ndogo na springi yake imepimwa kiwandani. Mpya iwe na namba ile ile ilioandikwa kwenye mwili wa ya zamani, na isizidi presha iliyoandikwa kwenye kibandiko cha hita. Muuzaji akikwambia "hii ya bar 10 ndo haivuji", kweli haivuji, lakini tangi lako sio la bar 10.

Sababu ya pili ni presha ya maji yanayoingia. Nyumba yenye tangi la juu tu haina tatizo hili hata kidogo, tangi lililo mita 3 juu ya hita linatoa kama bar 0.3 basi. Wanaopata ni wenye pampu kubwa zenye swichi ya presha iliyokorogwa, au majumba ya ghorofa yanayosukumiwa kutoka chini. Funga geji ya presha kwenye mfereji, tazama pampu inakata wapi, na tazama tena usiku wa manane. Ikizidi bar 5 shusha swichi ya pampu, au funga valvu ya kupunguza presha kwenye paipu kuu uiweke 3. Ukiweka ile ya kupunguza kwenye paipu kuu jua kwamba nayo inafunga njia ya kurudi maji, basi kitangi cha mtanuko kinakuwa na maana zaidi.

Dalili: taa haizimi, mferejini kunatoka mvuke, valvu inatona kwa nguvu

Hapa zima. Breka, sio swichi ya ukutani tu. Ondoa watoto bafuni, usifungue mfereji wa maji moto kama unakohoa mvuke, usinyanyue kimkono cha valvu, acha yote ipoe wenyewe masaa kadhaa.

Sababu ya ukali huo ni kwamba hii valvu ya chini haijui joto, inajua presha tu. Maji yakiwa kwenye bar 8 hayachemki kwenye 100, yanaweza kufika mpaka kama nyuzi 175 yakiwa bado maji. Tangi likipasuka wakati huo presha inaondoka ghafla na sehemu ya maji yale inageuka mvuke papo hapo, ukuta hauzuii kitu. Valvu inayotona ndo inayoshikilia presha isipande juu zaidi, na mtu akija akaiziba na plagi au akapiga gundi ya paipu pale mdomoni, basi ameondoa kinga ya mwisho iliyobaki.

Kama haijafika kwenye mvuke lakini unashuku, pima. Kipimajoto cha jikoni cha nyama kinatosha, kile cha homa hapana, kinaishia 42. Acha hita mpaka taa izime, fungua mfereji wa maji moto ulio karibu, kinga maji kwenye kikombe cha udongo baada ya kuyaacha yatoke kidogo, soma. Yakiwa nyuzi tano chini au juu ya ulipoweka thamostati hakuna tatizo. Umeweka 60 na unasoma 75 au zaidi, zima. Huna kipimajoto, tumia saa: hita ya lita 80 ya wati 1500 ikiwaka masaa manne matano na hakuna aliyetumia maji, na mferejini ya moto sana, thamostati haikati. Kama masaa ni hayo lakini maji ni ya vuguvugu tu, hilo ni jengine, elementi, yani kile chuma cha ndani kinachopasha maji, imechoka au kuna mahali maji moto yanavuja.

Inayoharibika zaidi ni thamostati, vile vidomo vya ndani vinavyogusana na kuachana vinaungua vikashikana. Umeme ukikatika na kurudi rudi na hewa ya chumvi ya pwani vinaharakisha. Sababu inayofuata ni aibu ya mafundi wenzangu: thamostati ilikufa, haikupatikana dukani, akaunga waya moja kwa moja "kwa leo tu". Ukifungua kifuniko cha chini ukaona waya imeruka thamostati, au imeruka kile kikato cha usalama chenye kitufe, usiwashe tena. Kikato hicho kinakata hita ikipitiliza, kwenye nyuzi 85 mpaka 90 hivi, na kinataka kubonyezwa kwa mkono. Ikiwa umeshakibonyeza mara moja na kimekata tena, kinakwambia thamostati imekufa, usikigeuze kuwa swichi ya kuwashia kila asubuhi.

Mara nyengine fundi amebadilisha thamostati kwa ile yenye kijiti kifupi, au hakukiingiza mpaka mwisho kwenye kibomba chake, basi inasoma joto la uongo. Na iko moja ya nadra ila ya hatari: ganda la elementi limepasuka na fezi na nyutro zimegeuzwa nyuma ya soketi. Hapo thamostati inakata upande wa nyutro badala ya fezi na elementi inaendelea kuchemsha kupitia kwenye maji na waya wa athi. Dalili yake ni kupigwa na vijishoti ukishika mfereji, au breka ya kuvuja umeme kuanguka kila mara.

Yote ya sehemu hii ni kazi ya fundi umeme, wa paipu asifungue. Thamostati inabadilishwa breka ikiwa chini na testa imepita kwenye waya zote mbili, sio moja, kwa hiyo hiyo sababu ya fezi iliyogeuzwa. Baada ya kubadilisha rudia kipimo cha chupa na cha kipimajoto kuanzia mwanzo, mana hita iliyokuwa inachemka imeichosha na valvu pia, kimpira chake kimeiva, na mara nyingi itabaki inatona hata baada ya thamostati mpya. Hapo ndo valvu inastahili kubadilishwa kweli.

Na kwa waliofunga kitangi cha mtanuko wakafurahi valvu imekauka: sasa haifunguki kabisa, na valvu isiyofunguka kwa maji ya chokaa inaganda. Kila mwezi zima hita, ikipoa nyanyua kimkono maji yatoke kidogo. Kikiwa kigumu hakinyanyuki, usikipige nyundo, funga koki ya maji, acha hita imezimwa, nunua nyengine.